Barua ya bosi ilikuwa ya upole, tafsiri ikamshtua mteja: nini kilitokea njiani?

*"Nafanya kazi kwa msambazaji wa vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Meneja wetu huandika barua pepe kwa Kiingereza kizuri, mimi naziweka kwa Kiswahili kwa ajili ya wateja wa mikoani. Majuzi nilitafsiri moja ya kumkumbusha mzee mwenye duka Kahama ankara ya shilingi 4,200,000. Nilifuata kila sentensi, sikuacha neno. Mzee akapiga simu, sauti yake ya chini, akauliza kama tumeamua kuachana naye. Meneja anasema barua yake ilikuwa ya upole kabisa. Nimekosea wapi? Niongeze 'tafadhali'? Tafsiri yangu ni hii:*

*Mpendwa Bwana, natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa vizuri. Nilitaka tu kufuatilia kuhusu ankara namba 318, ambayo kwa bahati mbaya bado inaonekana kutolipwa. Tafadhali kumbuka kwamba salio lako la shilingi 4,200,000 limepita muda wake kwa siku 21. Tungethamini kama ungeweza kushughulikia malipo haya kwa urahisi wako wa mapema, ikiwezekana kufikia mwisho wa biashara siku ya Ijumaa. Kama tayari umelipa, tafadhali puuza ujumbe huu. Natazamia kusikia kutoka kwako. Heshima bora."*

Nianze na maneno matatu yaliyomfanya mzee apige simu: "mwisho wa biashara". Katika Kiingereza cha ofisini hiyo ni namna ya kutaja saa ya kufunga ofisi, wala hakuna anayefikiria kitu kingine akiisoma. Kwa Kiswahili biashara ni kule kuuziana kwenyewe, ni uhusiano wa mwenye duka na anayemletea mzigo. Mfanyabiashara anayeandikiwa kuhusu deni, kisha akakuta "kufikia mwisho wa biashara siku ya Ijumaa", anaelewa kwamba Ijumaa biashara kati yenu inakwisha. Mzee hakukosea kusoma. Alisoma kilichoandikwa.

Hata hivyo asingefika hapo haraka hivyo kama sentensi za juu hazingekuwa zimemwandaa. Chukua "tafadhali kumbuka kwamba". Kwenye Kiingereza cha meneja wako fungu hilo ni kama kikohozi kidogo cha kumwandaa msomaji apokee taarifa, halina uzito wowote. Lakini kwa Kiswahili anayeambiwa "kumbuka" ni aliyesahau, na mara nyingi anayemwambia hivyo ni mzazi, mwalimu au mkubwa wake wa kazi. Ungeandika "tafadhali tambua" ingekuwa mbaya zaidi, na "ieleweke kwamba" ndiyo ingefunga mlango kabisa, kwa kuwa kauli hiyo watu wameizoea kwenye matangazo ya kuonya. Fungu kama hili halihitaji kisawe. Lifute, taja taarifa yenyewe, na upole utabaki pale pale.

Halafu kuna "salio lako la shilingi 4,200,000". Mzee huyu kila akituma au kupokea fedha kwa simu hupata ujumbe unaomwambia salio lake. Salio hilo ni fedha aliyonayo. Kwa muda wa kusoma sentensi moja, huenda alidhani mnamwambia kwamba ana milioni nne kwenu, kisha akagundua kuwa ni kinyume chake. Mtu aliyechanganywa namna hiyo kuhusu fedha husoma kila kinachofuata kwa mashaka. Mhasibu wenu analo neno salio katika vitabu vyake na yuko sahihi, ila kwa mteja andika "malipo ya ankara namba 318" au "kiasi kilichobaki". "Deni" nalo ni Kiswahili safi, lakini lina aibu ndani yake. Ningeliweka akiba kwa barua ya tatu, Mungu apishe mbali isifike huko.

Na "puuza ujumbe huu". Kupuuza ni kudharau jambo, kuliona halina maana. Huwezi kumwambia mtu wa umri wa baba yako apuuze barua uliyomwandikia wewe mwenyewe. Anayehofia kumdai mtu ambaye huenda ameshalipa huomba radhi kwanza: "Kama umeshalipa, tuwie radhi kwa usumbufu."

Sasa swali lako la "tafadhali". Hapana, kuliongeza hakutasaidia, na huenda kukaharibu zaidi. Wengi hudhani neno hili ni sukari, ukiona barua chungu unaongeza kijiko. Lakini angalia tunakutana nalo wapi katika maandishi: "Tafadhali usikanyage nyasi." "Tafadhali vua viatu." Ni neno la mabango na matangazo, na likitangulia kitenzi cha amri, amri inabaki kuwa amri. "Tafadhali lipa" mzee ataisikia kama sauti ya karani aliye nyuma ya dirisha. Mswahili anapoomba kwa adabu husema "naomba", kisha kitenzi chake kinaishia na e: naomba unisaidie, tunaomba ututumie, naomba unipigie. Adabu imo ndani ya kitenzi chenyewe.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa tatizo lako, na ningependa tukae hapa kidogo, maana ukiuelewa hutahitaji orodha ya makosa kutoka kwangu.

Upole wa Kiingereza cha ofisini umejengwa kwa kujitenga. Mwandishi anarudi nyuma hatua mbili tatu ili asimsonge mwenzake. Ndiyo maana jambo analolitaka sasa hivi analiweka kwenye wakati uliopita, kama vile alilitaka jana. Ndiyo maana anatumia "kama ungeweza", anaweka kineno cha kupunguza uzito katikati ya sentensi, na ankara "inaonekana" kutolipwa hali anajua fika kwamba haijalipwa. Kila hatua ya kurudi nyuma ni heshima kwa Mwingereza na kwa waliosomea ofisi kwa lugha yake.

Ukizichukua hatua hizo ukaziweka kwenye Kiswahili, heshima haiji nazo. "Nilitaka tu kufuatilia" kwetu ina maana kwamba ulitaka, na sasa hutaki tena. Msomaji anajiuliza kilichobadilika ni nini. "Kama ungeweza" inafanya uwezo wa mtu uonekane una shaka, na kwa mfanyabiashara uwezo wa kulipa ndiyo jina lake sokoni. "Inaonekana kutolipwa" inasikika kama maneno ya mtu anayeficha kitu. Meneja alirudi nyuma kwa adabu. Katika tafsiri, mzee akaona mtu anayemkwepa.

Upole wa Kiswahili unakwenda njia nyingine. Tunamsogelea mtu, kisha tunampa nafasi yake. Kwanza salamu yenye mtu ndani yake, na jina la heshima linalomfaa: Mzee, Mama, Bwana, Bi, Ndugu. Halafu sababu, kisha ombi. Hata katika nyaraka za zamani za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandishi hakugusa shauri lake kabla ya salamu kutimia, na neno "wabaadu" ndilo lililomwambia msomaji kwamba salamu zimekwisha, sasa tunaingia kwenye jambo lenyewe. Mzee wa Kahama hatarajii "wabaadu" kwenye simu yake. Anatarajia mpangilio ule ule. Kiingereza cha meneja wako kinamaliza salamu kwa mstari mmoja usio na mtu ndani yake, eti barua imkute vizuri, kana kwamba barua ndiyo inayotembea kwenda kumjulia hali. Mjulie hali wewe.

Na sarufi yetu ina vyombo vya upole ambavyo Kiingereza hakina, ila anayetafsiri sentensi kwa sentensi havioni, kwa sababu havipo kwenye karatasi anayotafsiri. Ninachokipenda kuliko vyote ni kiambishi "ja". Sema mwenyewe kwa sauti: "hukulipa", kisha "hujalipa". Ya kwanza imefunga hesabu, mtu huyo ni mkosaji. Ya pili inamwacha bado yuko njiani, inajulikana atalipa. Ukiendelea kidogo ukaondoa mtu kwenye nafasi ya mtenda na kuyaweka malipo yenyewe, unapata "malipo hayajatufikia". Ni kweli tupu, hakuna kilichofichwa, na hakuna aliyenyoshewa kidole. Labda benki imechelewesha, labda kijana wa dukani hakwenda. Umemwachia mzee mlango wa kutokea bila kusema uongo wowote, na hiki ndicho hasa meneja alichotafuta aliposema "inaonekana".

Chombo cha pili ni "nimeona". "Nimeona nikukumbushe" inafanya kazi yote ambayo "nilitaka tu kufuatilia" ilishindwa kufanya. Na siku mtakapolazimika kutaja hatua kali, iko "itatubidi": "tarehe hiyo ikipita itatubidi tusimamishe mzigo unaofuata." Onyo liko wazi, lakini linasikika kama jambo linalowalazimisha nyinyi pia. Linganisha na "kushindwa kufanya hivyo kutapelekea kusimamishwa kwa huduma", sentensi iliyojaa nomino kwa mtindo wa Kiingereza, ambamo mteja anaambiwa ameshindwa hata kabla siku haijafika.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Soma barua ya Kiingereza mara mbili, halafu ifunge. Kwenye karatasi andika nani anamwandikia nani, anataka nini, lini, na kwa ukali wa kiasi gani. Hilo la mwisho usilikisie. Nenda kwa meneja umuulize: hiyo Ijumaa ni tarehe ya mwisho au ni matamanio tu? Kwenye Kiingereza cha ofisi "ikiwezekana Ijumaa" mara nyingi ni tarehe ya mwisho iliyovalishwa nguo laini, na meneja atajibu kwa neno moja. Tuseme amekwambia ni ya mwisho, ila hakuna adhabu, kwa sababu hiki ni kikumbusho cha kwanza. Tuseme pia ofisi yenu hufungwa saa kumi jioni, mzigo ulipokelewa tarehe 20 Septemba kwa makubaliano ya siku 30, na leo ni Jumatatu tarehe 10 Novemba. Sasa fikiria mzee amesimama mbele ya meza yako, na uandike jinsi ambavyo ungemwambia:

*Mzee wangu, shikamoo.*

*Habari za Kahama, na habari za kazi? Huku tunaendelea vizuri.*

*Nakuandikia kuhusu mzigo wa saruji na mabati ulioupokea tarehe 20 Septemba, ankara namba 318. Malipo yake ya shilingi 4,200,000 yalitakiwa kufika tarehe 20 Oktoba. Leo ni siku 21 zimepita na bado hayajatufikia, ndiyo maana nimeona nikukumbushe.*

*Tunaomba utulipie kiasi hicho kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa hii tarehe 14 Novemba. Kama umeshalipa, tuwie radhi kwa usumbufu, na naomba unitumie picha ya risiti ya benki niifuatilie huku. Kama kuna jambo limekwamisha, nipigie tuzungumze.*

*Tunakushukuru kwa kuendelea kuchukua mzigo kwetu. Nasubiri jibu lako.*

Baada ya hapo ndipo unaifungua tena barua ya Kiingereza, na safari hii unalinganisha mambo ya hakika peke yake: namba ya ankara, kiasi, siku, tarehe, sharti la aliyekwisha kulipa. Usilinganishe sentensi. Ukianza kulinganisha sentensi utajikuta unarudisha "tungethamini" kwa sababu tu ipo upande wa pili.

Nieleze machache niliyobadilisha. Saa ya kufunga ofisi imekuwa "saa kumi jioni", kwa kuwa ndiyo saa ya mzee. Uwe macho hapa kuliko mahali pengine popote. Kiingereza huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza na linapozama, kwa hiyo saa nne ya jioni ya meneja ni saa kumi yetu, na tofauti ni saa sita kila mara. Nimeshaona "saa 4 jioni" kwenye barua ya mwaliko, na walioalikwa wakabaki hawajui waje asubuhi au jioni. Tarehe nimeiandika pamoja na siku, ili "Ijumaa" isije ikasomwa kuwa ya wiki nyingine. "Kwa bahati mbaya" nimeiondoa, maana kwetu bahati mbaya ni ajali au nuksi, wakati ankara isiyolipwa ina mwenyewe. "Mpendwa" nimeliondoa pia. Makampuni yamelizoesha kwa wateja na halitamuudhi mtu, lakini kwa mzee unayemjua kwa jina ni neno la kanisani na la wasifu wa marehemu, si la ankara.

Shikamoo nayo ina sharti lake. Anayeshikamoo ni mtu, kampuni haina miguu ya kusimama mbele ya mzee. Ukisaini kwa jina lako, na wewe ni mdogo kwake, inafaa sana. Ikisainiwa na meneja mwenye umri wa mzee, iwe "Habari za kazi, Mzee" na hapo inatosha. Ikisainiwa na "Idara ya Fedha" pasipo jina la mtu, iondoe.

Nikuonye na upande wa pili. Mtafsiri akishagundua kwamba Kiswahili kina njia nzuri za upole, hunogewa. Salamu zinajaza skrini nzima, ombi linafika mwishoni limechoka, na tarehe ya mwisho inageuka kuwa "ukipata nafasi". Hapo mteja amefurahi, ila umemnyang'anya meneja kitu alichokiweka kwa makusudi. Ndiyo maana nilisema uandike ukali wa barua kabla ya kuanza. Kikumbusho cha kwanza kina tarehe lakini hakina adhabu. Cha pili kinataja cha kwanza na siku kilipotumwa. Cha mwisho kinasema nini kitatokea na lini. Ngazi hizo ni mali ya aliyeandika, na tafsiri yako haina ruhusa ya kupanda wala kushuka hata moja. Ukali ukibaki ule ule, maneno yabadili utakavyo.

Meneja pia ana haki ya kujua kilichokwenda kwa jina lake. Mara mbili tatu za mwanzo mrudishie Kiswahili chako kwa Kiingereza kinyoofu, bila kukipamba, pembeni ukimweleza kwa nini umeongeza salamu na kwa nini "puuza" limekuwa "tuwie radhi". Wengi hushangaa kidogo, kisha wanakuamini. Na njia rahisi kuliko zote ni kumwomba asikuandikie barua ya kutafsiri. Akupe mambo matano kwa mdomo, wewe uandike kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Hayo ni ya mzee wa Kahama. Siku barua itakapokwenda halmashauri au wizarani, kanuni ni ile ile ila mlango ni mwingine. Huko wanataka kumbukumbu namba, kichwa kinachoanza na "YAH:", na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Lugha hiyo ni ngumu kwa makusudi, na afisa anayeipokea ataona umemheshimu. Ukimpelekea mwenye duka, atadhani ameitwa kwenye baraza. Mkiwa na wateja Kenya, waulize kwanza wangependa lugha gani. Wafanyabiashara wengi kule husomea mambo ya ofisi kwa Kiingereza, na wanaoandika rasmi kwa Kiswahili huanza kichwa kwa "KUH:" au "MINT:", si "YAH:".

Yako pia maneno yasiyopaswa kuanza barua hata kama Kiingereza kimeanza nayo. Niliwahi kutafsiri barua ya kampuni moja kuhusu mzigo uliochelewa bandarini, nikaanza na "Tunasikitika kukutaarifu". Mpokeaji aliona mstari huo mmoja kwenye simu yake akiwa safarini na akajua amefiwa, kwa sababu ndivyo tanzia zinavyoanza. Alikaa na hofu hiyo mpaka aliposimama na kuifungua. Tangu hapo naanza na mzigo: "Mzigo wako umechelewa bandarini, utafika…", na pole inafuata.

Kuna barua ambazo hupaswi kuzishika peke yako. Ikitaja mahakama, riba ya ucheleweshaji, kuvunja mkataba au kumwachisha mtu kazi, hapo neno moja linaweza kuwa ushahidi, na upole niliokueleza unaweza kuonekana kama mmeahirisha dai. Mwombe meneja iende kwa wakili kabla ya kutumwa. Inapohitajika tafsiri iliyothibitishwa, BAKITA hutoa huduma hiyo. Kwa barua za kawaida, tafuta mtu mzima mmoja hapo ofisini, labda dereva anayepeleka mizigo Kahama na anayemjua mzee, mkae chini umsomee kwa sauti. Akiuliza "una maana gani hapo?", sentensi hiyo haijawa ya Kiswahili bado.

Kuhusu mzee mwenyewe, usimtumie barua mpya leo. Mpigie kwanza, mwamkie, na umweleze kwamba biashara yenu haina mwisho wowote Ijumaa, mlichokuwa mnasema ni saa kumi jioni. Mwombe radhi kwa maneno yaliyomfikia vibaya. Akishatulia mtajie ankara na tarehe, kisha mtumie barua hiyo ya juu abaki nayo kwenye kumbukumbu zake.